Saa tatu, maswali matatu, na la mwisho hunifia mkononi

*Shikamoo Mwalimu,*

*Mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa pili. Mtihani wa mikataba uko wiki tatu zijazo: saa tatu, hakuna kuingia na sheria wala desa, insha moja na maswali mawili ya mkasa, yale ya "Juma kamuuzia Asha". Yote ni ya lazima, kila moja alama 20, jumla 60.*

*Wiki iliyopita mwalimu wa semina alitupa mtihani wa majaribio wa muundo huohuo. Nilianza na insha kwa sababu nilikuwa nimeikremu vizuri. Nilipoinua kichwa, dakika 95 zilikuwa zimekwenda. Mkasa wa kwanza ukala dakika 55, na ule wa mwisho nikaubakizia kama 25, mkono unauma na kichwa kimeganda. Matokeo: insha 15, mkasa wa kwanza 9, wa pili 3. Jumla 27.*

*Kinachoniuma ni kwamba ule wa alama 3 nilikuwa naujua. Nilipofika nyumbani nikauandika upya kwa utulivu, ukatoka vizuri kabisa. Wenzangu wananiambia niandike haraka zaidi, lakini nikiharakisha mwandiko wangu hausomeki hata na mimi mwenyewe. Naomba unieleze nigawe vipi hizo saa tatu.*

*Mwenye Mkono Mzito, Dodoma*

Marahaba, binti yangu.

Achana na ushauri wa kuandika haraka. Nilisahihisha vijitabu vya mwaka wa kwanza na wa pili kwa misimu kadhaa kabla ya kurudi kwenye uwakili, na waliokuwa wakiangushwa na wino mchache walikuwa wachache sana. Wengi walikuwa na tabia yako: hawawezi kuliacha swali wanalolijua.

Itazame hiyo 15 ya insha. Uliinunua kwa dakika 95. Kwa jinsi ninavyowajua wasahihishaji, ungeweka kalamu chini dakika ya 54 ungeondoka na 12, pengine 13. Maana yake dakika 41 za ziada zilikuletea alama mbili au tatu. Dakika hizohizo kwenye mkasa wa pili, ambao mwenyewe unasema ulikuwa unaujua, zingeipandisha ile 3 ikafika 10 au 11. Ndivyo swali la sheria linavyolipa: alama za mwanzo ziko juu juu, unaziokota kwa kutaja hoja sahihi na kifungu sahihi. Kuanzia 13 kwenda juu unazichimba kwa jembe, na 19 hupewa watu wawili darasa zima.

Sasa hesabu. Saa tatu ni dakika 180, alama ni 60, kwa hiyo kwa haraka haraka kila alama ina dakika tatu. Lakini ukizigawa zote kwenye maswali utakuwa huna za kusoma wala za kurudi nyuma. Toa dakika 12 za mwanzo na 6 za mwisho. Zinabaki 162, na kila swali linapata 54. Usiziweke kichwani kama "dakika 54", maana katikati ya mtihani hakuna anayejua kutoa 54 kwenye saa. Zigeuze ziwe saa za ukutani. Kama mnaanza saa 2:00 asubuhi, basi juu ya ukurasa wako wa rasimu andika hivi: 2:12, 3:06, 4:00, 4:54. Saa 2:12 unaanza kulishughulikia swali la kwanza. Ikifika 3:06 umehama, 4:00 umehama tena, na 4:54 unarudi kupitia. Karatasi zikigawiwa kwa kuchelewa na msimamizi akasema mnaanza 2:10, unasogeza zote kwa dakika kumi kabla hujasoma neno lolote.

Hiyo ni kwa alama sawa. Siku ukikuta insha ina 30 na mikasa 15 kila mmoja, zidisha kila alama kwa dakika 2.7: insha inapata 81, kila mkasa 40. Nimekutana na wanafunzi walioigawa saa sawa kwa sawa kwenye karatasi ya namna hiyo kwa sababu hawakusoma alama kwenye mabano. Alama ziko pale pembeni ya kila swali, na mara nyingi zimegawanywa hata kwenye (a) na (b). Kipengele cha alama 5 hakistahili kurasa mbili hata kama ndicho unachokipenda.

Dakika 12 za mwanzo ndizo zitakazokuuma kuzitoa, kwa sababu utaona jirani ameshaanza kuandika. Mwache aandike. Kwanza soma mstari wa mwisho wa kila mkasa, pale panaposema "Mshauri Rehema" au "Jadili haki za pande zote". Ukijua unamshauri nani ndipo unasoma hadithi, na hadithi utaisoma tofauti kabisa. Halafu, kwa kuwa hamwingii na kitu, geuza kijitabu ukurasa wa mwisho na umwage kilichomo kichwani kabla hakijavukizwa na hofu: majina ya kesi, miaka, namba za vifungu, hata kama ni maneno mawili mawili. Hiyo ni kazi ya dakika nne au tano. Mwishoni unapiga mstari mmoja wa kukata ili msahihishaji ajue ni rasimu. Usimwage kwenye karatasi ya maswali bila kusoma maelekezo, kuna vyuo vinakataza kuiandika.

Kumwaga huko ndiko kunakokuruhusu kufanya jambo ambalo pengine litakushtua: insha iweke mwisho.

Najua unaogopa kwamba ulichokremu kitapotea. Ndiyo maana umekimwaga ukurasa wa nyuma, kinakusubiri. Sababu yangu ya kuiweka mwisho ni kwamba insha inakunjika na mkasa haukunjiki. Chukua insha ya namna hii: "Sheria ya mikataba inamlinda mtoto kupita kiasi. Jadili." Ukibaki na dakika 54 utatoa msimamo, sababu tatu, hoja ya upande wa pili na jibu lake. Ukibaki na dakika 35 utatoa msimamo uleule, sababu mbili, hoja moja ya kupinga, na bado ni insha nzima yenye kichwa na miguu. Mkasa hauko hivyo. Ukiukata katikati umemwacha mteja wako hajui kama ana mkataba au hana, na yale uliyoyaandika juu yake yanabaki hewani. Kwa hiyo kitu kinachoweza kupunguzwa bila kuvunjika ndicho kiachwe mahali ambapo kupunguzwa kunaweza kutokea. Anza na mkasa ambao hoja zake umeziona mara moja ulipousoma, kisha ule wa pili, kisha insha.

Wapo walimu watakaokwambia kinyume, kwamba uanze na unachokijua zaidi ili utulie. Kwa mtu anayejua kuacha, ni sawa. Wewe kwa sasa hujui.

Ndani ya zile 54 za mkasa, 14 si za kuandika. Ni za kupanga. Hapa nitakuonyesha kwa mfano, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodhani wanaokoa muda na ndipo wanapoupoteza.

Tuseme mkasa ni huu. Tarehe 1 Machi Mzee Salehe wa Morogoro anamwandikia Rehema wa Dar es Salaam kwamba anamuuzia mashine yake ya kukoboa mpunga kwa shilingi milioni 6, na kwamba atamsubiri hadi tarehe 15. Tarehe 5 Salehe anabadili mawazo na kutuma barua ya kuondoa pendekezo lake. Tarehe 6 Rehema, ambaye hajui lolote, anamtumia ujumbe wa simu: "Je, unaweza kupokea kwa awamu mbili?" Salehe hajibu. Tarehe 7 Rehema anaposti barua ya kukubali milioni 6 taslimu. Tarehe 8 Salehe anamuuzia Kessy mashine. Tarehe 9 barua ya kuondoa pendekezo inamfikia Rehema. Tarehe 12 barua ya kukubali inamfikia Salehe. Mshauri Rehema.

Mwanafunzi asiyepanga anaanza hivi: "Katika swali hili Mzee Salehe alimwandikia Rehema tarehe 1 Machi...", na anausimulia mkasa wote upya kwa ukurasa mzima. Zimekwenda dakika 12, alama sifuri. Aliyetunga swali anaujua mkasa wake.

Aliyepanga anachora mstari na kuweka tarehe juu yake: 1, 5, 6, 7, 8, 9, 12. Juu ya mstari anaandika alichofanya Salehe, chini alichofanya Rehema. Dakika tatu tu. Mara mchoro unamwambia alipo mgogoro: barua ya kuondoa ilitumwa tarehe 5, kabla ya kukubali, lakini ilifika tarehe 9, baada ya barua ya kukubali kupostiwa. Hapo ndipo penye swali. Vingine vyote ni vya kusafisha njia ya kufika hapo.

Sasa anaandika hoja pembeni, na mbele ya kila hoja anaweka dakika zake. Je, barua ya tarehe 1 ilikuwa pendekezo? Ilikuwa, ina bei na ina kitu mahsusi. Hakuna ubishi, dakika 4. Je, ujumbe wa tarehe 6 uliliua pendekezo? Hapa pana ubishi kidogo. Pendekezo mbadala huua lile la kwanza, kama ilivyokuwa kwenye Hyde dhidi ya Wrench ya 1840, lakini kuuliza tu hakuui, na hilo liliamuliwa kwenye Stevenson dhidi ya McLean ya 1880. Rehema aliuliza, hakusema "nitalipa kwa awamu mbili". Dakika 10. Je, ahadi ya kusubiri hadi tarehe 15 ilimfunga Salehe? Haikumfunga, kwa sababu Rehema hakutoa chochote ili asubiriwe, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamruhusu mtu kuondoa pendekezo wakati wowote kabla kukubaliwa hakujakamilika dhidi yake. Dakika 6. Je, aliliondoa kwa wakati? Hapa ndipo kwenye nyama, dakika 15. Mwisho, Rehema apate nini? Dakika 5. Jumla 40.

Ona ile ya dakika 15 inavyokwenda ikiandikwa na mtu aliyepanga. Anataja kifungu cha 4: kukubali hukamilika dhidi ya mtoa pendekezo pale kunapowekwa njiani, mahali ambapo aliyekubali hana tena uwezo wa kukurudisha. Yaani tarehe 7, barua ilipoingia posta. Kuondoa pendekezo hukamilika dhidi ya aliyepelekewa pale anapopata habari. Yaani tarehe 9. Anaongeza Adams dhidi ya Lindsell ya 1818 kwa kanuni ya posta, na Byrne dhidi ya Van Tienhoven ya 1880, ile ya barua kati ya Cardiff na New York, kuonyesha kwamba barua ya kuondoa haina kinga ya posta kama ile ya kukubali. Kisha anarudi kwenye mkasa na kuwataja kwa majina: Salehe alichelewa kwa siku mbili, mkataba ulizaliwa tarehe 7, na alipomuuzia Kessy tarehe 8 aliuvunja. Amemaliza. Kesi ya tatu na ya nne juu ya kanuni hiyohiyo hazimwongezei kitu.

Umeona pia ambako hakwenda. Hakujitosa kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa kubishana kama mashine ni ya Kessy au ya nani. Kwenye karatasi ya mikataba, swali likisema mshauri Rehema, sentensi moja inatosha kwamba mashine imeshakwenda na Rehema atazame fidia. Nimewahi kusoma kurasa tatu nzuri sana juu ya mnunuzi wa pili kwenye swali ambalo halikumhusu, na nikaumia kweli kuandika sifuri pembeni.

Kwa insha mgawo ni mwingine: kupanga 8, kuandika 46. Ugonjwa wake unaujua, maana bila shaka ndio uliokula zile 95 zako. Ni utangulizi. Sheria yetu ina asili ya ile ya India ya mwaka 1872, na kila mwanafunzi akishalijua hilo anaona haya kutolisema, basi anatusafirisha kutoka Bombay hadi Dar es Salaam kwa kurasa mbili kabla hajamgusa mtoto aliyeulizwa. Msimamo wako uwe kwenye sentensi mbili za kwanza: unakubali, hukubali, au unakubali kwa sehemu gani. Kisha kila sababu ibebe mamlaka yake: kifungu cha 11 juu ya uwezo wa kuingia mkataba, Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose ya 1903 iliyofanya mkataba wa mtoto kuwa batili tangu mwanzo, na kadhalika. India ya 1872 ipewe mistari miwili pale inapokusaidia kueleza kwa nini kesi ya India ina uzito kwetu.

Sasa mkono wako mzito. Usibahatishe, upime. Kesho chukua kalamu utakayoingia nayo, weka saa dakika 10, andika kutoka kichwani kwa Kiingereza kile cha mtihani, si kunakili. Hesabu maneno. Tuseme ni 150. Basi kwa dakika 40 za kuandika mkasa una maneno 600 hivi, na ile hoja kuu ya dakika 15 ina maneno 225. Ukishajua una maneno 225 tu, hutayatumia kusimulia mkasa upya. Na kuandika kutoka kichwani kwa Kiingereza kunakwenda polepole kuliko kunakili, hasa kama wewe ni kama mimi, unafikiri kwa Kiswahili kisha unatafuta neno. Ndiyo maana mpango wa dakika 14 uandike kwa lugha yoyote inayokuja kwanza. Ni rasimu, haina alama.

Utajuaje umeanza kupoteza muda kabla saa haijakuambia? Dalili ninazoziamini ni mbili. Ya kwanza, kwenye mkasa: tazama nusu ukurasa uliopita, kama hakuna jina la Rehema wala Salehe, umeacha kujibu na umeanza kufundisha. Ya pili, kwenye insha: ukijikuta unaandika "zaidi ya hayo" na kinachofuata ni jambo lilelile kwa maneno mengine, sababu zako zimekwisha. Funga.

Kufunga nako kuna namna. Ikifika 3:06 uko katikati ya hoja, maliza sentensi, andika hitimisho lake kwa mstari mmoja, ruka nusu ukurasa, uhamie swali linalofuata kwenye ukurasa mpya. Hiyo nafasi ndiyo itakayokutuliza roho, kwa sababu unajua 4:54 unaweza kurudi. Ukisahau jina la kesi, usilikimbize. Andika "kwenye kesi ya shamba la pauni 1,000", acha pengo, songa mbele. Mara nyingi jina linakuja lenyewe ukiwa kwenye swali jingine, na dakika zile sita za mwisho ndizo za kulijaza. Lisipokuja, kanuni yake umeshaieleza, na sehemu kubwa ya alama iko kwenye kanuni na jinsi ulivyoitumia.

Na ikitokea tena, Mungu apishe mbali, ukajikuta umebaki na dakika 25 na mkasa mzima haujaguswa? Mara ile nadhani uliandika kama vile una saa nzima: ukaanza na maana ya mkataba, ukafika kwenye pendekezo, muda ukaisha. Safari hii tumia dakika 6 kwa mstari wa tarehe na hoja. Kisha kwa dakika 10 pitia kila hoja kwa sentensi mbili: kifungu, na jibu kwa jina la mtu. "Ujumbe wa tarehe 6 ulikuwa swali, si pendekezo mbadala, kwa hiyo pendekezo la Salehe lilibaki hai." Zikibaki 9, zitumie zote kwenye hoja moja nzito na uiandike inavyostahili. Jibu la namna hiyo, likiwa sahihi, nimelipa 9 na 10 bila kusita, kwa sababu naona mwandishi alifika mwisho wa safari. Ila usiniandikie "muda umeniishia" chini ya ukurasa. Inatia huruma, lakini sina pa kuiwekea alama.

Kwa wiki tatu ulizonazo, usifanye mitihani mizima kila siku, utachoka bure. Mara nne au tano kwa wiki chukua mkasa wa karatasi za miaka iliyopita, panga kwa dakika 14, acha. Usiandike jibu. Peleka mpango kwa mwenzako mwenye swali hilohilo, mlinganishe hoja na dakika mlizozipa. Mkitofautiana juu ya ipi ni hoja kuu, hapo ndipo mrudi kwenye desa. Mtihani mzima wa saa tatu, kwa kalamu, ufanye mara mbili tu, na siku hizo jukumu lako la kwanza liwe kuhama saa 3:06 na saa 4:00 hata kama unaandika jambo zuri kuliko yote uliyowahi kuandika. Litauma mara ya kwanza. Baadaye fungua kijitabu, angalia kile ulichokuwa unataka kuongeza, ujiulize kingeleta alama ngapi.

Kitu cha mwisho, nunua saa ya mkononi, ya mishale, ile ya kawaida. Simu haiingii, saa za kisasa nyingi haziingii, na saa ya ukutani ya ukumbi unaweza kuikuta nyuma ya mgongo wako au imesimama tangu muhula uliopita. Inunue wiki hii uizoee. Mimi niliinunua asubuhi ya mtihani wangu wa kwanza, kamba ikakatika mlangoni, nikaingia nimeishika mkononi kama yai.